Naomba ushauri: betri za sola zilizokufa, Igombe

Habari zenu wanajamvi. Hapa mwaloni Igombe, Mwanza, tuna betri nane za asidi za taa za dagaa zilizokufa, pamoja na paneli mbili zilizopasuka kioo. Mnunuzi wa vyuma chakavu anazitaka betri, ila anataka kwanza azimwage maji papo hapo, abebe madini ya risasi tu. Maji yale ni asidi iliyochanganyika na risasi, na hatua chache tu ndipo tunapochota maji ya kunywa. Nimemkatalia. Kwa sasa nimezisimamisha wima ndani ya beseni la plastiki, chini ya paa. Moja imevimba ubavuni. Paneli, mnunuzi huyo hazitaki kabisa.

Naombeni msaada: nani hapa Mwanza anapokea betri nzima bila kuzimwaga, mwenye kibali cha taka hatarishi? Na paneli nizipeleke wapi?