Muhtasari wa kitaaluma wa fundi Mtanzania kwa pemiti ya kazi: naomba mnisaidie kuupanga

NyarDunga (Kisumu)

Wadau, habari za jioni. Nashughulikia masuala ya wafanyakazi katika kiwanda cha samaki hapa Kisumu. Tumepata fundi kutoka upande wa Mwanza wa kusimamia mtambo wetu wa kugandisha minofu ya mbuta, mtambo wa amonia. Ombi la pemiti yake ya kazi tunalipeleka kupitia eFNS, mfumo wa mtandaoni wa Uhamiaji. Fomu 25 imejazwa, nakala ya pasipoti ipo, barua ya kampuni ipo, vyeti vipo. Kilichobaki ni muhtasari wa ukurasa mmoja unaoeleza fundi huyu ni nani na amefanya kazi wapi. Bosi ameniletea rasimu hii:

> Injinia wa baridi mwenye tajiriba pana ya zaidi ya miaka 13 katika sekta ya samaki Kanda ya Ziwa. Mchapakazi, mbunifu, asiyetishwa na kazi nyingi. Ameongoza miradi mingi mikubwa na ni hazina isiyo na kifani kwa kampuni yetu.

Mimi naona haisemi kitu, lakini sijui afisa anataka kuona nini hasa. Fundi ana cheti cha 2011 cha VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi ya Tanzania, na barua mbili za waajiri wake wa zamani. Familia yake inamsubiri apate makaratasi ndipo ihamie, kwa hivyo sitaki faili irudishwe kwa sababu ya ukurasa mmoja. Toleo la mwisho nitaliandika kwa Kiingereza. Hapa nataka kwanza tuelewane kuhusu kitakachoingia.

Ochi_Busia

Dada, huyo ni wa Jumuiya. Soko la pamoja lilianza Julai 2010, na 2017 Rais wakati huo alisema hadharani kwamba mtu wa Afrika Mashariki anaweza kuja Kenya na kitambulisho chake tu, afanye kazi, afanye biashara, hata aoe. Mnajisumbua na pemiti ya nini? Hapa Busia watu wanavuka kila asubuhi kwenda kazini.

Karani_wa_Faili (Naivasha)

Ochi, kuhusu haki uko sawa, ila bado kuna utaratibu. Itifaki yenyewe ya soko la pamoja ndiyo inayosema kwamba mfanyakazi mwenye mkataba unaozidi siku 90 aombe pemiti, na aombe ndani ya siku 15 za kazi tangu mkataba ukamilike. Kwa hivyo NyarDunga, angalia tarehe ya mkataba wenu kabla ya jambo lingine lolote.

Sasa rasimu. Nimeandaa faili za namna hii kwa miaka mingi katika mashamba ya maua, kwa wataalamu wa mimea na wa mitambo ya maji. Afisa hausomi muhtasari peke yake. Anaushika mkono mmoja, vyeti na barua mkono wa pili, na kwa kila sentensi anatafuta karatasi inayoithibitisha. Sentensi isiyo na karatasi haimsaidii, na ikipingana na karatasi inakuharibia faili nzima. Pitia rasimu ya bosi kwa kipimo hicho. "Mchapakazi" haina karatasi. "Miradi mingi mikubwa" haina karatasi. Inabaki miaka 13, na neno injinia.

Hilo neno litoe leo hii. Kenya kuna Sheria ya Wahandisi ya 2011, na mtu hajiiti injinia bila kusajiliwa na bodi. Ukimwandika injinia, afisa ana kila sababu ya kukuuliza usajili uko wapi, na mwenye cheti cha VETA hatakuwa nao. Mwandike fundi, kama cheti chake kinavyosema. Na cheo hicho kiwe kilekile kwenye Fomu 25, kwenye barua ya kampuni na kwenye mkataba. Nimeona ombi likirudi kwa sababu barua ilisema "meneja wa matengenezo" na muhtasari ukasema "fundi mkuu". Mtu ni yuleyule, lakini afisa aliona kazi mbili tofauti.

Tuwekee tarehe zake zote, mwezi na mwaka. Ufiche majina.

Shiro_Nax

Mimi naona mnaifanya ngumu. Wasifu unatakiwa kumvutia anayeusoma. Mimi natafuta kazi ya kutunza wazee ng'ambo, na wakala hapa Nakuru aliniambia niweke picha nzuri, nieleze ninachopenda, na nianze na sentensi inayoonyesha moyo wangu wa kuhudumia watu. Mwongeze hayo, asionekane kama mashine.

Karani_wa_Faili

Shiro, huo wa wakala ni wasifu wa kutafuta kazi. Mwajiri anachagua kati ya watu, ndiyo maana unajitahidi akupende. Huyu fundi kazi ameshapata. Afisa wa uhamiaji anaamua kama maelezo ni ya kweli na kama yanaingia kwenye daraja lililoombwa. Nawe ukifika hatua ya visa, andaa karatasi ya pili ya namna hii. Usipeleke ile ya wakala.

Shiro_Nax

Sawa, nimeelewa. Lakini mimi miaka minne nilimtunza shosho wetu nyumbani, hakuna wa kuniandikia barua. Hiyo nayo niifanyeje?

NyarDunga

Shiro, fungua uzi wako nami nitakuja huko, ni swali zuri.

Karani, asante sana. Tarehe ni hizi. Mwenyewe anasema alianza kiwanda cha kwanza, Mwanza, Machi 2012, lakini barua yao inasema Mei 2013 hadi Juni 2018. Nilipomuuliza, akasema mwanzoni alikuwa kibarua, jina liliingia vitabuni baadaye. Kisha Septemba 2018 hadi Aprili 2025 alikuwa kiwanda cha barafu Musoma, na barua yao inasema alisimamia mafundi wanne wa zamu. Tatizo jingine: cheti kina majina mawili, pasipoti ina matatu. Barua ya Musoma imeandikwa kwa Kiswahili.

Karani_wa_Faili

Hapo sasa tuna kazi ya kufanya. Hesabu kwa miezi. Mei 2013 hadi Juni 2018 ni miezi 62. Septemba 2018 hadi Aprili 2025 ni miezi 80. Jumla 142, yaani miaka 11 na miezi 10. Ile 13 ya bosi inatimia ukiingiza kibarua peke yake, na kibarua hakina karatasi. Afisa akijumlisha akapata chini ya 12 huku wewe umeandika "zaidi ya 13", hatajua habari ya kibarua. Ataona umeongeza.

Kwa hivyo andika kinachothibitika. Fundi akitaka kile kipindi cha mwanzo kihesabiwe, aulize kama kiwanda kinaweza kumwandikia barua ya nyongeza, au kama ana taarifa ya michango ya NSSF ya Tanzania inayoanzia wakati huo. Akikosa, kiache. Miaka karibu 12 inamtosha fundi.

Julai na Agosti 2018 yako wazi. Sema tu hakuwa kazini. Pengo ulilolitaja halimshughulishi mtu, ila lile afisa analoligundua mwenyewe litamfanya atafute jingine.

Majina: fuata pasipoti kila mahali, kwa mpangilio wa pasipoti. Kwa cheti, fundi aape mbele ya wakili kwamba majina ya kwenye cheti na ya kwenye pasipoti yote ni yake, na hati ya kiapo iwe kiambatisho.

Ningeandika hivi:

> Mwombaji ni raia wa Tanzania. Anaombewa pemiti ya kazi ili awe fundi msimamizi wa mtambo wa kugandisha unaotumia amonia, katika kiwanda cha minofu ya samaki mjini Kisumu.
>
> Alihitimu ufundi wa majokofu na viyoyozi VETA mwaka 2011. Cheti ni Kiambatisho cha 2. Hati ya kiapo kuhusu majina ni Kiambatisho cha 3.
>
> Mei 2013 hadi Juni 2018 alikuwa fundi wa mtambo wa baridi katika kiwanda cha samaki, Mwanza. Alihudumia kompresa za amonia, alimwaga mafuta yanayojikusanya kwenye matangi, na kutoa hewa inayonaswa kwenye kondensa. Barua ya mwajiri ni Kiambatisho cha 4.
>
> Julai na Agosti 2018 hakuwa kazini.
>
> Septemba 2018 hadi Aprili 2025 alikuwa fundi msimamizi katika kiwanda cha barafu, Musoma, akisimamia mafundi wanne wa zamu. Barua ya mwajiri ni Kiambatisho cha 5.
>
> Kisumu atasimamia vyumba vya kugandisha na ghala linalotunzwa kwa nyuzi 18 chini ya sifuri, na atamfunza fundi Mkenya aliyetajwa katika Fomu 27.

Ile sentensi ya kompresa na mafuta nimeikisia. Iache ikiwa tu barua ya Mwanza inazitaja kazi hizo. Kama inasema "fundi" basi, omba waandike nyingine yenye majukumu, maana hapo ndipo uzito ulipo. Kuna mafundi wengi wa friji za dukani. Wa mtambo wa amonia ni wachache, na afisa hawezi kujua tofauti hiyo kama karatasi haisemi.

Ochi_Busia

Haya, nimekubali kuhusu pemiti. Ila mbona hujaandika kwamba hakuna Mkenya anayeweza kazi hiyo? Si ndilo wanalotaka kusikia?

Karani_wa_Faili

Wanalitaka, lakini mahali pake ni barua ya kampuni. Muhtasari unamhusu mwombaji. Na hata kwenye barua usiseme hakuna, kwa sababu huwezi kulithibitisha. Sema mlitangaza wapi na lini, waliokuja walikuwa na ujuzi gani, na upungufu ulikuwa upi.

NyarDunga

Tulitangaza. Waliokuja watano, wote wa viyoyozi na friji ndogo, hakuna aliyewahi kugusa amonia. Tangazo na orodha ninavyo. Barua ya Mwanza nimeikagua sasa hivi: inataja kompresa na mafuta, haitaji hewa ya kondensa.

Karani_wa_Faili

Basi hewa ya kondensa itoke.

Mwl_Kakamega

Nimefuata mjadala kimya. Kuhusu barua ya Musoma: masharti yanasema nyaraka za lugha ya kigeni zitafsiriwe kwa Kiingereza. Lakini Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 7, imekifanya Kiswahili lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Haiwezi kuwa lugha ya kigeni. Mimi ningeipeleka kama ilivyo.

Karani_wa_Faili

Mwalimu, kisheria naona hoja yako ina nguvu. Lakini sijawahi kupeleka barua ya Kiswahili bila tafsiri, na dada ana familia inayosubiri. Aweke zote mbili, ya Kiswahili na tafsiri iliyothibitishwa.

Mwl_Kakamega

Akifanya hivyo kila mtu, hakuna atakayewahi kujua kama inakubalika.

NyarDunga

Nawaelewa nyote. Mkataba ulitiwa sahihi Jumatatu iliyopita, kwa hivyo siku bado zipo. Kesho nampeleka fundi kwa wakili kuapa. Kuna mtu anayejua nani hapa Kisumu anatafsiri na kuthibitisha, bila kunituma Nairobi?