Naombeni ushauri: chaneli yangu imenyimwa malipo na muziki nimeshautoa

Nahodha_Kijana: Wakuu habari za jioni. Nina chaneli ya YouTube ya uvuvi, video 46. Nilifikisha wafuasi 1,000 na saa 4,000, nikaomba kulipwa, wamenikatalia. Kabla ya hapo video moja ilidaiwa hakimiliki ya wimbo, nikautoa wimbo wote. Sasa kosa langu ni lipi? Nimekaa siku ya nne sipati usingizi.

Baharia wa Nyumbani: Pole mkuu. Muziki ndio unaoua chaneli. Usizidishe sekunde 10 na andika chini kwamba wimbo si wako. Mimi nafanya hivyo na sijaguswa.

FundiSauti: Ndugu Baharia, hiyo kanuni ya sekunde 10 haipo. Content ID inalinganisha sauti yenyewe na kumbukumbu za wenye nyimbo, hata kipande kifupi inaweza kukinasa, na maneno ya chini haiyasomi. Hujaguswa kwa sababu wenye nyimbo hizo hawajaziweka kwenye mfumo, au wameamua kufuatilia tu. Nahodha, barua ya kukataliwa imetaja neno gani hasa?

Mama Nadra: Mimi nilichukua wimbo kwenye maktaba ya video fupi nikauweka kwenye video yangu ya mandazi ya dakika 12. Ikadaiwa, na matangazo yote yakaenda kwa mwenye wimbo. Kumbe ruhusa ile ni ya video fupi tu. Siku hizi naacha mlio wa mafuta yakichemka, na watu wanaupenda.

Nahodha_Kijana: Imeandikwa "Reused content", yaani maudhui yaliyotumika tena.

FundiSauti: Basi muziki si shida yako. Dai la wimbo linabaki kwenye video moja. Hili linahukumu chaneli nzima. Video umepiga mwenyewe?

Nahodha_Kijana: Nyingi zinahusu Mafia na Kilwa.

FundiSauti: Sijauliza zinahusu wapi. Kamera alishika nani?

Nahodha_Kijana: Sawa. 41 nimepakua kwa jamaa mmoja mvuvi, 5 nimepiga mwenyewe. Lakini ana habari! Aliniandikia "chukua tu kaka", ujumbe ninao. Sijaiba. Na ninakata, naunganisha, naweka majina ya samaki. Ile kazi haihesabiwi?

Ustadhi Mtulivu: Kijana, riziki ya jasho la mwenzio haina baraka. Nunua ndoana uende baharini.

FundiSauti: Ustadhi, mwenye mali ameridhia, tusimhukumu. Nahodha, ruhusa inakukinga asikudai yeye. Swali la YouTube ni jingine: umeongeza nini kinachoifanya video kuwa yako? Wakaguzi huangalia mada kuu ya chaneli, video mpya, zinazotazamwa sana na zilizobeba saa nyingi. Wakikuta nyavu za mtu mwingine zinavutwa dakika 6 na jina "Jodari" limeandikwa kwenye kona, hawamwoni Nahodha. Ungekuwa unaongea juu yake, unaeleza kwa nini wavu umetegwa upande ule, ungekuwa na hoja.

Jicho Kavu: Hii stori ya kutunga. Saa 4,000 kwa video za kupakua zisizo na sauti ya mtu? Ngojeni, mwisho atasema anauza chaneli. Wiki iliyopita uzi ulianza hivihivi.

Baharia wa Nyumbani: Hata mimi nimeanza kushtuka.

Nahodha_Kijana: Siuzi kitu! Video ya papa peke yake imeleta zaidi ya nusu ya saa zote. Na ili mjue sidanganyi: jana nimefungua chaneli nyingine kwa jina la mdogo wangu, nimeshahamisha video 20. Nimezigeuza kushoto-kulia na kuongeza kasi kidogo.

FundiSauti: Simamisha. Kugeuza picha si kuongeza kitu, na mkaguzi atakuta nyavu zilezile. Kama hili ndilo ombi lako la kwanza, una siku 21 za kukata rufaa, au usubiri siku 30 uombe upya. Rufaa ni video isiyozidi dakika 5 ya kuonesha unavyotengeneza kazi zako. Utaonesha nini, kitufe cha kupakua? Mimi ningesubiri. Ningeanza na ile ya papa, iliyobeba saa. Kurekodi sauti juu ya video iliyokwisha pandishwa haiwezekani, kwa hiyo itengeneze upya ukiwa na sauti na sura yako, ya zamani uifiche.

Nahodha_Kijana: Nikiificha, zile saa si zitapungua?

FundiSauti: Zitapungua. Saa za video iliyofichwa hazihesabiwi.

Mama Nadra: Mwanangu, zile 5 ulizopiga mwenyewe zina nini?

Nahodha_Kijana: Babu yangu anashona wavu, anaeleza tundu la dagaa na la kibua. Zina watazamaji wachache ndiyo maana sikuendelea.

Mama Nadra: Weka kiungo hapa. Nataka kumwona huyo babu.