Tupeane uzoefu: kuondoa nembo ndogo kwenye kona ya video, tukate au tukuze picha?

Mpiga Picha wa Sinza:
Wakuu, nimekumbushwa jambo hili leo baada ya mteja kuniletea video ya harusi yake yenye nembo ya mpiga picha aliyekwisha kufunga ofisi, huku picha ghafi zikiwa hazipo tena. Fremu ni 1920 kwa 1080, na nembo iko kona ya juu kulia, ikiishia mstari wa 110 kutoka juu. Mwenye video ni yeye mwenyewe na ruhusa ninayo. Ninyi mnakata au mnakuza?

Kigamboni Studio:
Kukata ni salama kuliko kukuza, kwa sababu kukata hakugusi pikseli zinazobaki. Mimi hukata na kutoa video hivyo hivyo ilivyo.

Mhariri Mstaafu:
Ndugu yangu wa Kigamboni, umepatia nusu. Ukikata kwa uwiano uleule wa 16:9, pikseli zilizobaki haziguswi, lakini runinga ya mteja itaitanua fremu hiyo ijaze kioo, kwa hiyo ukuzaji unafanyika tu, ila sasa unafanywa na kifaa usichokisimamia. Kinachoamua hasara ni sehemu ya picha unayoitupa, nayo hutegemea mahali unapoibana picha wakati wa kuikuza.

Tuchukue nembo ya mkuu wa Sinza. Akiongeza Scale huku picha ikiwa katikati, kingo zote hukatwa kwa usawa, hivyo ili mistari 110 ya juu itoke, mistari mingine 110 ya chini inatoka bure, naye atalazimika kufika asilimia 126. Hapo inabaki takriban asilimia 63 tu ya pikseli za mwanzo. Lakini akiibana picha chini, asilimia 112 inatosha, na zinabaki karibu asilimia 80. Kwenye programu ambayo Position ya kawaida ni 960 na 540, aweke Scale 112 kisha namba ya pili aishushe hadi 476. Namba ya kwanza anaweza kuisogeza kidogo kushoto au kulia kulingana na walipo maharusi, kwa sababu nembo imekwisha kutoka kwa juu.

Mama wa Tabata:
Mmenikumbusha machungu. Kuna kijana alitoa nembo kwenye video ya send-off ya binti yangu kwa kukuza kutoka katikati. Nembo ilitoka kweli, lakini kilemba cha binti kikakatwa nusu, majina yaliyoandikwa chini yakapotea, na shangazi yake, aliyesimama pembeni akimkabidhi kanga, akabaki mkono tu unaoshika kanga. Shangazi alipoiona hakusema neno, akaomba arejeshewe mchango wake.

Dereva wa Mbagala:
Mkono unaoshika kanga! Pole sana mama. Alirejeshewa?

Mama wa Tabata:
Nusu.

Mtoto wa Kariakoo:
Kwa nini kujisumbua? Kata juu, kisha vuta picha kwenda juu peke yake ijaze kioo. Upana haupotei hata kidogo.

Mhariri Mstaafu:
Upana haupotei, bali watu wote hurefuka kwa zaidi ya asilimia 11, na pete huwa yai. Bibi harusi huenda akafurahi, lakini jicho la mama yake halitadanganyika.

Mwanasheria wa Upanga:
Naona wengi mnafundishana kufuta nembo za watu. Tangu 1999 tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, na kulipia harusi si lazima kukupe haki zote za picha.

Mpiga Picha wa Sinza:
Mkuu, nimeeleza ruhusa ninayo. Tafadhali usome swali kwanza.

Mwanasheria wa Upanga:
Ruhusa ya mteja, au ya aliyepiga picha?

Fundi wa Ubungo:
Hilo mlimalize pembeni. Mimi hutumia amri hii, inayokata juu na pembeni, na kukuza kwa pamoja:

```
ffmpeg -i harusi.mp4 -vf "crop=1720:968:100:112,scale=1920:1080:flags=lanczos" -crf 18 -c:a copy safi.mp4
```

Namba za upana na urefu ziwe shufwa, la sivyo x264 ya kawaida itagoma. Kabla ya kumkabidhi mteja, tazameni maandishi madogo kama jina la njia kwenye kioo cha daladala: kingo za herufi zikilegea, hapo ndipo hasara inapoonekana.

Kigamboni Studio:
Na aliyepiga kwa 4K?

Mhariri Mstaafu:
Kwenye mradi wa 1080 anakata bila kupoteza ukali, ilimradi asichague Scale to Frame Size, kwa maana hiyo hushusha picha kwanza hadi ukubwa wa mradi, kisha kila ukuzaji unaofuata unafanyika juu ya picha iliyokwisha kupungua.

Mpiga Picha wa Sinza:
Nimejaribu 112 na 476. Nembo imetoka na kilemba kimesalia chote, ila keki sasa inagusa ukingo wa kushoto. Je, nisogeze namba ya kwanza kwenye klipu hiyo moja tu, au kwenye video nzima?

Mama wa Tabata:
Angalia kwanza shangazi yuko upande gani.