Mrejesho: jina la kisanii la mdogo wangu

Niliuliza: "Mdogo wangu anaimba, yuko Bombo, Uganda. Achague Nyota au Rayla? Tunataka jina lishikike na lipatikane mtandaoni."

Asanteni wote. Rayla tumeliacha. Huku redioni jina linasikika tu, halionekani, na Waganda wengi hubadilishana r na l wanapotamka. Nilimtajia kijana wa boda pale stejini mara moja, nikamwomba aandike kwenye simu yake. Akaandika Laira. Mwenzake akaandika Leyla. Msikilizaji wa namna hiyo akitafuta, anakutana na wasanii wengine kabisa.

Nyota aliliandika kila mtu bila kusita, ila ukilitafuta peke yake zinakuja nyota za angani, unajimu na watu chungu nzima. Basi tumeongeza mji: Nyota Bombo. Tulilitafuta likiwa ndani ya alama za kunukuu, kisha YouTube, Spotify na TikTok, hatukuona msanii mwenye jina hilo. Akaunti ya @nyotabombo ilikuwa wazi, tukaichukua kote siku hiyohiyo.

Kwa mlioko njiani kama sisi: andikeni jina kwa namna moja tu kila mnapopakia wimbo. Nyota Bombo na Nyotabombo zinaweza kusomwa kama wasanii wawili, nyimbo zikagawanyika kurasa mbili. Na msambazaji anayewapandishia nyimbo mtandaoni akiuliza kama msanii ana ukurasa tayari, wimbo wa pili mpeni kiungo cha ukurasa wenu, msimwachie abahatishe kwa jina.