Mnaotunga majina ya akaunti, mmewahi kuyataja kwenye simu hata siku moja?

Sikio_Moto (mleta uzi):

Wakuu, nina hasira na sitaificha. Kazi yangu ni kupokea simu za wateja. Kila mteja amepewa na mfumo jina la akaunti lenye herufi na tarakimu sita, hawezi kulibadilisha, na akitaka huduma yoyote ni lazima anitajie kwa mdomo.

Jana kanipigia mama mmoja mtu mzima, kasahau nywila. Jina lake ni la muundo huu: TDN6EP. Akataja taratibu kabisa: "Tii, dii, eni, sita, ii, pii." Nikaandika PDN6IT, mfumo ukasema halipo. Akarudia, nikaandika TBN6IP, halipo. Mara ya tatu nikaandika TDM9EP, akaunti ikafunguka. Nikabadilisha nywila, nikamtajia, tukaagana vizuri. Haikupita nusu saa akapiga mwanamume anafoka, amefungiwa nje ya akaunti yake. Mwenye TDM9EP ni yeye! Leo nimepewa onyo la maandishi.

Nasema aliyestahili onyo ni aliyetunga jina lile. B, C, D, E, G, P, T, V: herufi nane, zote mkia wake ni "ii". Kinachozitofautisha ni mpasuko mdogo wa mwanzo, na laini ikikwaruza kidogo huo ndio unaopotea. Kwetu kuna balaa la juu yake. Mtu akisema "ii", ni I ya Kiswahili au E ya Kiingereza? Akisema "aa", ni A au ni R? Mteja huyo huyo anachanganya mitindo miwili ndani ya jina moja, na si kosa lake, ndivyo sote tunavyotaja herufi.

Nahodha_Mstaafu:

Pole mkuu. Dawa ipo tangu mwaka 1956: Alfa, Bravo, Charlie, Delta. Marubani wote wanaitumia. Wafundisheni wateja, yameisha.

Sikio_Moto:

Nahodha, shikamoo. Mimi naijua. Mteja haijui, na hawezi kuifundishwa ndani ya simu ya dakika mbili huku salio linakwenda. Kila mmoja anatunga yake. Wiki iliyopita dada mmoja aliniambia "sii ya Sesilia". Nikaweka S. Kumbe yeye jina hilo huliandika Cecilia, alimaanisha C.

Nahodha_Mstaafu:

Marahaba. Hapo umenigusa. Hata sisi ilibidi pande zote mbili ziwe zimekariri. Na waliotunga orodha ile walifikiria mpaka tahajia: Alfa imeandikwa kwa f, na Juliett ina t mbili ili Mfaransa asiimeze ile ya mwisho.

Kioo_Safi:

Tatizo linajulikana, sifuri inafanana na O, na 1 inafanana na l. Badilisheni fonti, weka ile yenye sifuri iliyokatwa mstari.

Sikio_Moto:

Ndugu, soma tena. Hilo ni la jicho. Mimi nalia na sikio. Mama yule alikuwa analisoma jina lake sawasawa, mimi ndiye niliyesikia vingine.

Mtu_wa_Hesabu:

Kwa nini hukuuliza jina lake halisi kabla ya kubadilisha? Halafu kama herufi zinasumbua, wawape wateja namba tupu.

Sikio_Moto:

Jina halisi limefichwa kwenye skrini yangu, naona jina la akaunti tu. Na namba tupu? Sita na tisa: silabi mbili, s na t zimebadilishana viti tu. Nne na nane. Tatu na tano. Hiyo 9 niliyoandika jana ilitoka wapi?

Fundi_Mitambo:

Nimefanya kazi ya mitambo ya simu miaka mingi, naomba niingie. Laini ya kawaida hupitisha sauti za kati ya hezi 300 na 3,400 hivi. Sehemu kubwa ya nguvu ya S iko juu ya hapo, inakatwa, ndiyo maana "efu" na "esi" zinasikika sawa. Simu mpya zikizungumza zenyewe kwa zenyewe hupitisha zaidi, lakini hujui mteja ana ipi.

Watu wengi hukimbilia kuondoa herufi zinazofanana. Jaribu: katika kundi la "ii" unabaki na moja, kati ya M na N moja, kati ya F, S na X moja, I na Y moja, Q na U moja. Mwisho una herufi kumi na nne tu. Umekaribia wingi ule ule wa tarakimu, na jina bado ni la kutaja herufi moja moja.

Acheni kutaja herufi. Kiswahili kinasomwa kama kinavyoandikwa, basi jina liwe silabi. Chukua konsonanti sita zilizo mbalimbali kwa sikio: b, j, k, l, m, s. Zile pacha zake tupa: p, g, t, n, f, z. Zipe irabu tano, unapata silabi 30. Silabi nne ni majina 810,000. Mteja anasema "kasolimu" na wewe unaandika kasolimu.

Halafu ongeza silabi ya tano ya ulinzi. Zipe silabi namba kuanzia 0: ba, be, bi, bo, bu, kisha ja, je, mpaka su ambayo ni 29. Katika kasolimu, ka ni 10, so ni 28, li ni 17, mu ni 24. Jumla 79. Gawanya kwa 30, baki 19, ambayo ni lu. Jina linakuwa kasolimulu. Ukisikia "kasolemulu", le ni 16, jumla 78, baki 18, ambayo ni lo. Haiafikiani na lu, mfumo unakataa hapo hapo. Silabi moja ikisikika vibaya haiwezi kukupeleka kwa mtu mwingine. Zikibadilishana nafasi haitakamata, lakini kwenye simu kusikia vibaya ni kwingi kuliko kugeuza.

Naftali_77:

Mimi jina langu wananiandika Naftari kila mahali, hadi kwenye vyeti. Huko L na R mmezifanyaje?

Fundi_Mitambo:

Ndiyo maana R haimo kabisa, Naftali. Anayeandika akijua R haipo, mteja akisema "kasorimu" ataweka l bila kuuliza.

Sikio_Moto:

Fundi, hapa umenifumbua macho. Kumbe baya zaidi halikuwa kusikia vibaya, ni kwamba kosa langu liliangukia kwenye akaunti ya mtu hai. Lakini e na i je? Umetoa mfano wa li na le mwenyewe.

Fundi_Mitambo:

Ni kweli, hizo ndizo zinazokaribiana zaidi. Unaweza kubaki na a, i, u tu. Silabi zinakuwa 18, na nne zinatoa majina 104,976. Kama wateja ni wengi kuliko hapo, ongeza silabi. Na kabla ya kugawa, mtu mzima ayapitie, maana silabi zikijipanga zenyewe zitazaa matusi.

Mtu_wa_Hesabu:

Na mteja anayesoma kwa matamshi ya Kiingereza? Huyo li atasema "lai".

Fundi_Mitambo:

Huyo sina jibu lake.

Sikio_Moto:

Tunao wa hivyo, tena si wachache. Nimempelekea hesabu ya lu mkubwa wa kitengo cha mifumo. Kajibu kwamba majina ya zamani yamechapishwa kwenye kadi, hayaguswi. Kesho naingia zamu saa mbili asubuhi, na TDN6EP na TDM9EP zote bado zipo.

Fundi_Mitambo:

Waombe basi angalau herufi za mwisho za jina la mtu zionekane kwenye skrini yako kabla hujabonyeza. Kadi haiguswi hapo.