Somo la kwanza la vipimo: tuanze na sketi?

Kutoka: Dada wa Leeds

Shikamooni wakubwa, na wengine hamjambo. Naanza kufundisha ushonaji kwa watu wazima wanane, wanawake na wanaume, kwenye ukumbi tunaopewa kwa muda wa saa tatu tu. Baadhi hawajawahi kushika futi ya kupimia, na wawili kugawanya kunawapa shida. Nataka siku ya kwanza iishe kila mmoja akiwa na pateni ya sketi iliyochorwa kwa vipimo sahihi. Nipangeje?

Kutoka: Fundi wa Bremen

Marahaba dada. Chukua vipimo vitatu tu: kiuno, nyonga na urefu. Saa nzima ya kwanza iende kwenye kupima, maana mstari ukikosewa unafutika, lakini namba ikikosewa inafuata nguo mpaka mwisho.

Kabla ya yote, laza kila futi kando ya rula ya chuma. Futi ya plastiki iliyotumika sana huvutika, na darasa zima linaweza kupata majibu tofauti bila mtu kukosea.

Anayepimwa afungwe lastiki nyembamba kiunoni. Ainame upande, pale mwili unapokunja ndipo kiuno, si pale anapofungia suruali. Lastiki isitolewe mpaka mwisho, kwa sababu urefu unaanzia hapo. Nyonga ipimwe penye unene zaidi, na muandike ni sentimita ngapi chini ya kiuno. Wengi hukariri 20 kisha wanakosa mwenye unene wake ulio chini zaidi. Futi hupenda kuteleza nyuma, na aliyesimama mbele haoni, kwa hiyo mpimaji asimame ubavuni.

Kila mtu apimwe na wenzake wawili, wa pili asione karatasi ya wa kwanza. Wakipishana zaidi ya sentimita 1, wapime upya pamoja.

Kutoka: Mama wa Columbus

Mwanangu wa Leeds, waambie waweke vidole viwili chini ya futi ili nguo isibane. Na kama utatumia pateni za dukani, nafasi ya mshono ya sentimita 1.5 imo tayari, wasiongeze.

Kutoka: Fundi wa Bremen

Mama, shikamoo. Vidole viwili vinafaa kwa fundi anayepima na kukata mwenyewe bila kuongeza kitu tena. Darasani vinaleta shida: kila mtu na unene wa vidole vyake, halafu kwenye karatasi wanaongeza nafasi nyingine. Futi iguse mwili bila kuuminya. Nafasi iongezwe mara moja, kwenye karatasi. Kuhusu mshono, pateni nyingi za bahasha za Kimarekani zinao, lakini za jarida la Burda hazina. Wasome maelezo kwanza.

Mfano wa kuweka ubaoni: kiuno 76, nyonga 104. Nyonga ongeza 4, inakuwa 108, robo yake 27. Kiuno ongeza 2, inakuwa 78, robo yake 19.5. Tofauti ni 7.5, na hiyo lazima iondoke juu. Ondoa 3.5 ubavuni kwa mstari wa kupinda, na 4 kwa mikunjo miwili ya kushonwa, kila mmoja upana wa sentimita 2 kiunoni na kuishia kwa ncha chini. Ukiweka mkunjo mmoja wa 4, ncha yake itachomoza kama kidole. Mikunjo ya mbele iwe na urefu kama wa sentimita 10, ya nyuma 14.

Wasiopenda kugawanya wakunje futi: shika 0 na 108 pamoja, kunja, kisha kunja tena. Mkunjo unaanguka kwenye 27.

Kutoka: Mzee wa Malmö

Hamjambo wote. Na kanzu je? Mimi wanafunzi wangu ni wanaume, sketi hawataki. Halafu kwetu mafundi wengi hupima kwa inchi. Mbona mnawabadilishia?

Kutoka: Dada wa Leeds

Shikamoo mzee. Wangu wamechanganyika, na nachagua sketi kwa sababu inafundisha kiuno na nyonga. Kanzu imelegea, kwa hiyo kosa la kiunoni halionekani. Hapo ugumu uko mabegani na kwenye urefu wa mkono. Kuhusu inchi bado sijaamua. Ninachojua ni kwamba futi yenye inchi upande mmoja na sentimita upande wa pili inapinduka mkononi, mtu anaandika 41 bila kujua ni ya nini. Labda nifunike upande mmoja kwa utepe wa gundi.

Na kuhamishia kwenye kitenge?

Kutoka: Fundi wa Bremen

Chonga chaki. Chaki butu inaacha mstari wa milimita 3, na sketi ina kingo nne za ubavuni. Wote wakikata nje ya mstari, kiuno kinaongezeka zaidi ya sentimita 1. Kubaliana nao: ukingo wa karatasi ndio mshono, kisha pimeni 1.5 nje yake na mchore mstari wa pili wa kukatia. Kwenye kitenge chenye rangi nzito kipande chembamba cha sabuni nyeupe kinaonekana vizuri. Jaribuni kwanza kwenye kipande cha pembeni, mkipige pasi, muone kama alama inatoka.

Wanawake wapimwe na wanawake, wanaume na wanaume, nyuma ya pazia, na karatasi ziwe na namba badala ya majina. Kuna mtu hatarudi wiki ya pili kwa sababu tu nyonga yake ilisomwa kwa sauti.