CCI na MFI juu ya RSI: ushahidi mpya, au ni RSI ile ile?

Mpanda Ngazi
Chati yangu ina viashiria vitatu vya mwendo wa bei: RSI ya 14, CCI ya 20 na MFI ya 14. Siingii sokoni mpaka zote tatu zikubaliane. Kuna jamaa kaniambia hao ni mashahidi watatu waliochungulia dirisha moja. Je, CCI na MFI zinaongeza chochote, au najidanganya?

Kendo Nyekundu
Hujidanganyi, ndugu. CCI haina kikomo. RSI ikifika 90 imegota ukutani, wakati CCI inaweza kwenda 200, 300 na kuendelea, kwa hiyo inakuonyesha nguvu halisi ya mwendo. MFI nayo ni RSI iliyotiwa volyumu. Ukiona RSI iko chini lakini MFI iko juu, jua wakubwa wananunua kimyakimya. Mimi siachi hata moja.

Bi Hesabu
Hapo kwenye MFI ndipo wengi wanapotelea, Kendo. RSI inapima ukubwa wa kila hatua: leo bei imepanda kiasi gani, jana ilishuka kiasi gani. MFI haiangalii ukubwa huo. Inachukua wastani wa bei ya juu, ya chini na ya kufunga, inauliza tu kama wa leo uko juu au chini ya wa jana, kisha inatupa mauzo yote ya siku kwenye kapu la kupanda au la kushuka.

Chukua siku 14, bei inazunguka 100, volyumu sawa kila siku. Siku tisa bei inapanda 0.5, siku tano inashuka 1.5. Jumla ya kupanda ni 4.5, ya kushuka ni 7.5. RSI ya wastani wa kawaida inatoa 37.5, maana soko limepoteza. MFI inahesabu siku tisa kati ya 14 na kukupa kama 64. Ndiyo ile picha uliyosema, RSI chini na MFI juu. Sasa nionyeshe wakubwa wako wapi, kama volyumu haikubadilika hata siku moja. Kilichotofautiana ni namna ya kuhesabu tu.

Kendo Nyekundu
Dada, umechagua mfano unaokufaa. Volyumu sawa siku zote 14 umeiona soko gani?

Bi Hesabu
Haki yako. Basi siku moja kati ya zile tano za kushuka ipe volyumu mara sita ya kawaida. MFI inaanguka toka 64 hadi kama 47, na RSI haioni kitu. Hiyo ni habari mpya, nakubali, na RSI haina namna ya kuipata.

Lakini ifuatilie siku hiyo mpaka itoke kwenye dirisha la siku 14. Ikitoka, hata kama leo soko limeshuka kidogo kwa volyumu ya kawaida, MFI inaruka kutoka 47 kurudi 64. Mtu anaona mstari unapanda kwa nguvu na anaamini pesa imeingia, kumbe ni siku ya zamani imefutwa. RSI ya Wilder haifanyi hivyo, siku za nyuma zinafifia polepole badala ya kukatwa ghafla. Kwa hiyo kila MFI inaporuka, rudi nyuma kendo 14 uone kilichotoka kabla ya kusifia kilichoingia.

Mtoto wa Foreksi
Mimi natrade jozi za sarafu tu na MFI imenisaidia mara nyingi. Hasa pale mkutano wa benki kuu unapokaribia, inapinda kabla ya bei. Nadharia zenu nazisikia ila matokeo nimeyaona.

Bi Hesabu
Mdogo wangu, soko la sarafu la papo kwa papo halina soko moja kuu linalojumlisha mauzo. Volyumu unayoiona ni idadi ya mara bei ilivyobadilika kwenye mtambo wa broka wako. Si takataka, kwa sababu soko likichangamka mabadiliko huongezeka. Ila usiite pesa iliyoingia, na usishangae jirani yako mwenye broka mwingine akiwa na MFI tofauti kwenye jozi ile ile.

Mtoto wa Foreksi
Sawa, lakini inapinda. Sijui kwa nini, inapinda.

Kahawa Chungu
Samahani, mbona mnazungumzia sarafu na hisa? CCI ni ya bidhaa, jina lenyewe linasema. Mafuta, dhahabu, nafaka. Mpanda Ngazi, wewe unauza bidhaa gani kwanza?

Mzee wa Mistari
Kahawa, Lambert aliitoa mwaka 1980 akiwa na bidhaa zenye mizunguko akilini, kweli. Lakini fomula haijui kama inalishwa ngano au hisa:

```
CCI = (TP - SMA(TP,20)) / (0.015 * MD)
TP  = (H + L + C) / 3
```

Ni umbali wa bei na wastani wake, ukigawanywa kwa MD, yaani jinsi bei inavyotawanyika kwa kawaida kutoka kwenye wastani huo. Ndiyo maana, Mpanda Ngazi, ndugu wa karibu wa CCI ni bendi za Bollinger kuliko RSI. Kama tayari una bendi hizo chati nzima, CCI inarudia kazi.

Na hilo la kutokuwa na kikomo, Kendo, si kweli. Kwa kipindi cha 20 CCI haiwezi kuvuka 667. Na kufika huko si lazima mwendo uwe mkubwa. Bei ikilala siku 19 bila kutikisika, kisha ikaruka pointi moja au pointi hamsini, CCI inasoma 667 ile ile. Nenda katazame saa za usiku soko likiwa limelala, kendo moja ndogo inapeleka CCI 300. Nguvu iko wapi hapo?

Kendo Nyekundu
Kwa hiyo niitupe?

Mzee wa Mistari
Sijasema. Kuna sehemu moja naitegemea. Tuseme bei inapanda pointi moja kila siku bila kukosa. CCI inakaa 127, na ingekaa hapo hapo hata kama ingepanda pointi kumi kila siku. RSI iko 100. Sasa bei ikatulia, siku tano haipandi wala haishuki. RSI bado ni 100, kwa sababu hakuna hasara hata moja ya kuhesabu, na MFI vilevile. CCI imeshuka hadi 82. Imeona kwamba mwendo umekwisha kabla bei haijaanza kurudi.

Kwa hiyo mimi naitumia kutokea, kamwe siitumii kuingilia. Mtu anayesubiri CCI ivuke 100 na RSI ivuke 70 kwa pamoja anasubiri kitu kimoja mara mbili, na anaingia kwa kuchelewa.

Bi Hesabu
Hapo natofautiana kidogo na mzee. Kutulia siku tano mara nyingi ni soko kupumua tu kabla ya kupanda tena. Ukitoka kila CCI inapodondoka chini ya 100 utaachwa na mienendo mirefu yote.

Mzee wa Mistari
Natoa nusu, si yote.

Mpanda Ngazi
Basi naondoa CCI kwenye masharti ya kuingia. MFI nitaiacha kwa hisa zenye volyumu ya soko lenyewe, kwenye sarafu naizima. Ila nusu ya mzee sijaielewa: unaitoa ikivuka 100 kwenda chini, au unangoja sifuri?

Mzee wa Mistari
100, kendo ikishafunga. Sifuri maana yake bei imesharudi kwenye wastani, hapo faida nyingi imeondoka.

Mtoto wa Foreksi
Mimi MFI siizimi.